Chati Haikufika, Mbona Biashara Imefungwa?

Kuna lalamiko ambalo kila aliyekaa karibu na watu wanaofanya biashara ya fedha za kigeni mtandaoni amelisikia. Mtu amelala akiwa na biashara iliyo wazi, ameiwekea kikomo cha hasara, na asubuhi anaikuta imefungwa. Anafungua chati na kuona kwamba bei haikufika kwenye kikomo chake hata mara moja. Anatazama salio, nalo limepungua kuliko hasara aliyokuwa tayari kuikubali. Neno la kwanza linalomjia ni "nimeibiwa", na barua anayomwandikia broka huwa ya hasira tupu.

Barua ya namna hiyo ni rahisi kuijibu kwa sentensi moja: biashara yako ilifungwa kwa bei ya soko, tafadhali soma masharti ya mkataba. Mambo yanaishia hapo. Hilo linanisikitisha, kwa sababu mteja huyo ana maswali ya haki, na majibu yake yamehifadhiwa kwenye seva ya broka hadi sehemu ya elfu ya sekunde. Anachokosa ni kujua aombe kumbukumbu gani. Tuchukue mfano mmoja, tuufungue kipande kwa kipande, halafu tuiandike barua ambayo broka hawezi kuijibu kwa sentensi moja. Tarakimu za mfano nimezipanga ili hesabu iwe nyepesi, lakini mambo yenyewe hutokea vivi hivi.

Usiku wa kuamkia Alhamisi

Mwekezaji wetu ni mwanamke mwenye duka la vitambaa Mombasa. Ana dola 500 kwenye akaunti na anatumia programu ya MetaTrader 5. Jumatatu alasiri, mwezi Agosti, anauza dola kwa yeni ya Japani, jozi inayoandikwa USDJPY, kiasi cha loti 0.10. Loti moja ni dola 100,000, kwa hiyo biashara yake ni ya dola 10,000. Fedha zake mwenyewe ni dhamana tu, iliyobaki inabebwa na broka. Anauza kwa yeni 149.800 kwa dola, akitumaini dola itashuka. Ikipanda, anapata hasara, kwa hiyo kwenye kisanduku cha S/L anaweka kikomo cha 150.300. Hesabu yake ni nyepesi: nusu yeni mara dola 10,000 ni yeni 5,000, ambazo ni dola 33.27. Hiyo ndiyo hasara kubwa aliyoikubali.

Jumatano usiku, dakika mbili baada ya saa sita, biashara inafungwa. Asubuhi historia ya akaunti inasoma hivi:

```
sell 0.10 USDJPY   Open 149.800   S/L 150.300
Close 150.330      Comment [sl 150.300]
Commission -0.70   Swap -8.00     Profit -35.26
```

Jumla imetoka dola 43.96. Zimezidi hesabu yake kwa dola 10.69, na kwenye chati bei ya juu kabisa ya usiku ule ni 150.210, chini ya kikomo chake.

Maandishi `[sl 150.300]` yanamwambia jambo moja la awali: biashara imefungwa na kikomo alichokiweka mwenyewe. Kama ingefungwa kwa sababu dhamana imepungua mno, maelezo yangeanza na `so`. Mtu akikuta `so` na hali salio lake lilikuwa la kutosha, au akikuta biashara ambayo hakuifungua kabisa, hilo ni shauri jingine. Hapo atazame kwanza kama kuna roboti ya biashara aliyoiacha ikifanya kazi, au kama amejiunga na huduma ya kunakili biashara za mtu mwingine, na abadilishe nywila kabla ya kuandika barua yoyote.

Bei ni mbili, chati inaonyesha moja

Ukienda duka la kubadilishia fedha, ubaoni kuna bei mbili za dola: bei ya duka kununua na bei ya duka kuuza. Soko la mtandaoni ni hivyo hivyo. Bei ya chini inaitwa `Bid`, nayo ndiyo mteja anayoipata akiuza. Bei ya juu inaitwa `Ask`, nayo ndiyo anayolipa akinunua. Tofauti ya hizo mbili ndiyo spredi.

Chati ya jozi za fedha kwenye MetaTrader huchorwa kwa `Bid` peke yake. Aliyenunua hana shida nayo, maana biashara yake itafungwa kwa kuuza, yaani kwa `Bid` ileile anayoiona. Lakini mwekezaji wetu aliuza. Ili biashara yake ifungwe, lazima dola zinunuliwe tena, na kununua hufanyika kwa `Ask`. Kikomo chake kilikuwa kikiangaliwa dhidi ya bei ambayo chati yake haikuichora.

Mchana spredi ya USDJPY kwa broka wake ni yeni 0.012 hivi, tofauti ndogo ambayo macho hayaioni. Usiku ule, chati ilipofika 150.210, spredi ilipanuka hadi yeni 0.120. Jumlisha: `Ask` ikawa 150.330. Kikomo kilifikiwa na kupitwa, na chati haikuonyesha lolote. Kwenye kompyuta, kitufe cha F8 hufungua mipangilio ya chati, na humo mna kisanduku cha kuonyesha mstari wa `Ask`. Anayeuza asiweke kikomo kabla ya kuuwasha mstari huo.

Kwa nini saa sita

Siku ya soko la fedha za kigeni hufungwa saa kumi na moja jioni kwa saa za New York. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba, huo ni usiku wa manane hasa kwetu Afrika Mashariki. Miezi iliyobaki, Wamarekani wakishairudisha saa yao nyuma, inakuwa saa saba usiku. Katika dakika hizo, meza za benki za New York zimefunga hesabu, Wellington na Sydney ndiyo kwanza zinaanza, na Tokyo bado. Wanaotoa bei ni wachache, na kila mmoja anajikinga kwa kutenganisha zaidi bei ya kununua na ya kuuza. Spredi inapanuka kwa dakika kadhaa, kisha inarudi ilivyokuwa.

Kwa hiyo kupanuka kwa spredi saa sita usiku si ushahidi wa wizi. Swali la haki ni kiasi. Je, yeni 0.120 ndiyo spredi iliyotoka sokoni usiku ule, au broka aliongeza ya kwake juu? Na kama aliongeza, mkataba unamruhusu kuongeza kiasi gani? Swali hilo lina jibu la tarakimu, na tarakimu zinaweza kuombwa.

Kikomo hakiahidi bei

Jambo la pili lililomshangaza ni kwamba aliweka 150.300 lakini akafungiwa 150.330. Kikomo cha hasara cha kawaida ni agizo la namna hii: bei ikifika hapa au ikipita, nifungie kwa bei ya kwanza inayopatikana. Hakisemi nifungie kwa bei hii hii. `Ask` iliporuka kutoka 150.222 hadi 150.330, hapakuwa na bei yoyote katikati, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumfungia kwa 150.300. Bei iliteleza yeni 0.030, na katika biashara yake hiyo ni dola 1.99.

Kuteleza kunaweza kuwa kukubwa kuliko hapo. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Januari 2019, jozi hii hii ilianguka kutoka karibu na 109 hadi chini ya 105 kwa dakika chache. Japani ilikuwa katika mapumziko ya mwaka mpya na New York ilikuwa imefunga siku. Hapa kwetu ilikuwa kama saa saba na nusu usiku. Wenye vikomo katika njia ya bei walifungiwa mahali palipopatikana mtu wa kufanya naye biashara. Broka wengine huuza kikomo chenye dhamana ya bei, kwa ada ya ziada. Asiyelipa ada hiyo hana ahadi ya bei.

Hata hivyo kuna kipimo cha uaminifu hapa. Bei zikiruka, wakati mwingine zinaruka kumfaa mteja: agizo lake la kuchukua faida lingepaswa kutekelezwa kwa bei bora kuliko aliyoiomba. Mteja akipitia historia yake ya miezi mingi na kuona kwamba bei huteleza kwa hasara tu, na kwamba kila faida imefungwa kwenye tarakimu ileile aliyoiandika bila kuzidi hata mara moja, ana sababu nzito ya kuuliza maagizo yake yanatekelezwaje.

Riba ya siku tatu kwa usiku mmoja

Dola nane za safu ya `Swap` ndizo kubwa zaidi katika zile za ziada. Aliyeuza dola zisizokuwa zake amezikopa, na mkopo una riba. Kwa upande mwingine anashika yeni, ambazo riba yake ni ndogo. Tofauti ya riba hizo, pamoja na fungu la broka, hukatwa kila usiku siku inapofungwa.

Mwekezaji wetu alilala na biashara yake usiku wa Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Alitarajia makato ya siku tatu, akakatwa ya siku tano. Sababu ni kwamba biashara za jozi nyingi hukabidhiwa siku ya pili ya kazi baada ya kufanyika. Ya Jumatano hukabidhiwa Ijumaa. Ikisogezwa mbele siku moja, makabidhiano yanaangukia Jumatatu, na kati ya Ijumaa na Jumatatu pana siku tatu za riba. Kwa hiyo usiku wa Jumatano hubeba Jumamosi na Jumapili. Makato hayo yalifanyika saa sita kamili, na kikomo chake kikaguswa dakika mbili baadaye. Kama kingeguswa saa sita kasoro dakika mbili, riba ya siku tatu isingekatwa kabisa. Ndiyo maana katika barua muda huandikwa hadi sekunde.

Lakini siku tano zenyewe hazimalizi hesabu. Jumatatu, kabla ya kuuza, alifungua ukurasa wa maelezo ya USDJPY na kuupiga picha: `Swap short` ilikuwa -18. Kwa loti 0.10 hiyo ni karibu dola 1.20 kwa siku, na siku tano ni dola 6. Amekatwa 8, sawa na -24. Kiwango kilibadilika katikati ya safari, na dola 2 hizo hazina maelezo yoyote katika taarifa yake. Wale wenye akaunti za Kiislamu zisizo na riba nao wasome masharti vizuri, kwa kuwa baadhi ya broka huweka ada ya usimamizi mahali pa riba baada ya siku kadhaa.

Kamisheni ya senti 70 haina mgogoro: ni dola 3.50 kwa loti wakati wa kufungua na kiasi hicho hicho wakati wa kufunga, kama ilivyoandikwa katika mkataba wake.

Barua yenyewe

Kabla ya kuandika, kuna kazi ya dakika chache kwenye kompyuta. MetaTrader 5 inampa mteja uwezo wa kutazama kila bei iliyotumwa na seva. Anabonyeza Ctrl+U, anachagua USDJPY, anafungua sehemu ya `Ticks`, anaandika muda anaoutaka na kuomba orodha. Inakuja `Bid` na `Ask` zote mbili, na inaweza kuhifadhiwa kama faili. Afanye hivyo mapema na kuitunza faili. Sasa anajua mwenyewe kama `Ask` ilifika 150.330, na barua yake inaanzia hapo.

> Kwa Meneja,
> Idara ya Malalamiko ya Wateja.
>
> KUH: KUFUNGWA KWA BIASHARA YA USDJPY NA MAKATO YA RIBA YA USIKU
>
> Mimi ni mteja wenu. Namba ya akaunti, namba ya tiketi, taarifa ya biashara na picha za skrini nimeziambatisha.
>
> Biashara yangu ya kuuza USDJPY, loti 0.10, ilifungwa na kikomo cha hasara usiku wa kuamkia Alhamisi saa 00:02:14 kwa saa ya seva yenu. Kikomo kilikuwa 150.300, bei ya kufungia ikawa 150.330. Naelewa kwamba biashara ya kuuza hufungwa kwa bei ya Ask, na kwamba kikomo hutekelezwa kwa bei inayopatikana. Orodha ya bei niliyoipakua kwenye programu yenu inaonyesha spredi ya 0.120 wakati huo. Naomba majibu ya mambo manne.
>
> Kwanza, naomba orodha ya Bid na Ask ya seva yenu kuanzia saa 23:55:00 hadi 00:10:00, pamoja na bei mlizopokea kutoka kwa watoa bei wenu katika muda huo. Naomba mnieleze ni kiasi gani cha spredi ya 0.120 kiliongezwa na kampuni.
>
> Pili, naomba kumbukumbu ya seva ya agizo hili: muda kikomo kilipoguswa, muda kilipotekelezwa na bei katika kila hatua. Naomba pia kujua kama kampuni ndiyo iliyokuwa upande wa pili wa biashara yangu, au agizo lilipelekwa kwa mtoa bei wa nje.
>
> Tatu, Jumatatu ukurasa wenu ulionyesha riba ya usiku ya -18 kwa biashara ya kuuza. Nimekatwa sawa na -24 kwa siku zote tano. Naomba kiwango kilichotumika kila usiku, tarehe na saa kilipobadilishwa, na nakala ya tangazo lililotolewa kwa wateja. Kama halikutolewa, naomba nirudishiwe dola 2.
>
> Nne, naomba nakala ya sera yenu ya utekelezaji wa maagizo iliyokuwa ikitumika siku hiyo.
>
> Naomba mnithibitishie kwa maandishi kwamba mmepokea barua hii, na mnijulishe siku mtakayonipa jibu la mwisho.
>
> Wako mwaminifu,
> Mteja

Barua hii haina tuhuma hata moja. Inakubali yale ambayo broka angeyatumia kama ngao, kwamba spredi hupanuka na bei huteleza, kisha inaomba kumbukumbu ambazo yeye pekee anazo. Swali la nani alikuwa upande wa pili lina uzito wake. Kanuni za Kenya za mwaka 2017 kuhusu biashara ya fedha za kigeni mtandaoni zinatofautisha broka anayefanya biashara na mteja moja kwa moja na yule anayemuunganisha mteja na soko. Wa aina ya kwanza hupata mteja anapopoteza. Hilo ni halali akiwa na leseni yake, lakini mteja anapaswa kulijua anapopima maelezo ya spredi ya ghafla.

Kulisoma jibu

Jibu zuri lina tarakimu. Orodha ya broka ikilingana na ile aliyoipakua mteja, na bei za watoa bei zikionyesha spredi ya karibu na 0.120, basi kufungwa kwa biashara ni halali hata kama kunauma. Anaweza pia kuomba mtu mwenye akaunti kwa broka mwingine ampakulie `Ticks` za dakika zile zile. Soko hili halina bei moja rasmi, hivyo tofauti ndogo ni ya kawaida. Lakini wengine wakiwa na spredi ya 0.040 dakika hiyo hiyo na wake akiwa na 0.120, ameshapata swali la barua ya pili.

Jibu baya ni lile linalorudia kifungu cha masharti bila kutoa orodha, linalotoa orodha isiyolingana na iliyopakuliwa, au linaloita kila kitu "hali ya soko", pamoja na riba iliyobadilishwa. Kiwango cha riba ya usiku hupangwa na broka na kuandikwa na broka, na bei za saa sita haziwezi kukielezea.

Broka akinyamaza au akikataa, hatua inayofuata inategemea mkataba. Jina kwenye tangazo linaweza kuwa moja na kampuni nyingi nyuma yake: moja yenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ya Nairobi, nyingine iliyosajiliwa Shelisheli au Morisi. Msimamizi wa kampuni iliyotajwa kwenye mkataba ndiye wa kuandikiwa, na ataandikiwa barua hii hii pamoja na jibu, au ushahidi kwamba halikuja. Kwa kampuni iliyo chini ya sheria za Uingereza, kwa mfano, broka ana wiki nane za kutoa jibu la mwisho kabla mteja hajaenda kwa msuluhishi wa malalamiko ya fedha.

Katika zile dola 10.69, senti 70 ni kamisheni ya mkataba, dola 1.99 ni bei iliyoteleza na dola 6 ni riba aliyoonyeshwa tangu Jumatatu. Zinabaki dola 2, na ni haki yake kuzidai, maana kiwango kilichobadilishwa kimyakimya hukatwa kila usiku kwa kila aliyeuza jozi hiyo. Akipewa orodha ya bei na tangazo la riba, ana msingi wa kuamua kama biashara ya usiku kwa broka huyu inamfaa. Akinyimwa vyote viwili, atoe salio lake lote wakati malalamiko yakiendelea kwa msimamizi.